Kumi kwa Kumi na Mbili

Mimi nikikupimia robo ya sukari, sisimizi hapati chake. Mizani yangu ikisimama imesimama, na punje mbili zikimwagika juu ya kaunta nazikusanya kwa kiganja, nazirudisha guniani. Daftari langu la madeni lina safu tatu: jina, kiasi, na ahadi ya uongo. Watu wa Makorora hapa Tanga wananiita Mangi, ingawa mimi ni Mdigo wa kuzaliwa na Mlima Kilimanjaro nimeuona kwenye kalenda tu. Nasema haya mapema ili ujue kwamba mtu aliyejenga chumba bila kipimo hakuwa mgeni wa hesabu. Alikuwa mgeni wa akili, na hata hilo lilikuwa la muda.

Chanzo ni friza. Duka langu lilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na kaunta, rafu za ukutani, magunia ya sembe na mchele, makreti ya soda, na mimi. Tulikuwa tunatoshana. Kisha nikaingiza friza la kulala, lile la kifuniko cha juu, kwa ajili ya maji baridi na barafu za ukwaju. Friza lina urefu wa futi 5. Tangu siku hiyo nikawa natembea dukani kwa ubavu kama kaa. Mteja akitaka kiberiti, vizuri. Akitaka mchele ulio nyuma ya friza, ilibidi kwanza nitoe pumzi yote kifuani, nipite, ndipo nivute nyingine upande wa pili.

Ubavuni mwa nyumba palikuwa na uwazi ambao mbuzi wa jirani walikuwa wameufanya ukumbi wa mikutano. Nikaamua pale niongeze chumba cha pili, kiwe stoo, kishikane na ukuta wa duka, na nivunje mlango wa kupitia ndani kwa ndani. Nikamwita fundi. Fundi huyu mtaani anaitwa Hamna Shida, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa jambo lolote, hata ukimpa pole ya msiba.

"Unataka chumba cha ngapi, Mangi?"

"Kumi kwa kumi na mbili."

"Hamna shida."

Mkataba mzima wa ujenzi ulikuwa maneno saba. Ukiniuliza futi kumi kwa kumi na mbili nilizitoa wapi, nitakwambia ukweli: nilizisikia kwa watu. Kila anayejenga chumba mjini hapa anasema kumi kwa kumi, au kumi kwa kumi na mbili, na mimi nikaona kumi na mbili ina heshima zaidi. Sikupima friza wala gunia.

Alasiri ileile nikapita kwa seremala kuagiza shelfu. Nikamweleza kwa madaha, mikono nyuma, kama mwenye ghorofa tatu: "Chumba kina futi 12. Shelfu nifanyie futi 11 na nusu, ili ibaki inchi 3 huku na inchi 3 kule za kupitisha ufagio. Kwenda juu nipe futi 8, ghorofa sita." Seremala akaandika kwenye ubao kwa penseli aliyoitoa sikioni. Nikarudi nyumbani najiona nimepanga mambo.

Fundi alikuja na saidia fundi wake, mambo za mti, uzi, sululu na sepetu. Hapa lazima nimtendee haki, maana mbele ya safari nitamkasirikia bila sababu. Kona alizipima vizuri kuliko ninavyopima sukari. Alihesabu futi 3 kando ya ukuta wa zamani akatia alama, akahesabu futi 4 kwenye uzi unaotoka nje akatia alama, kisha akauvuta na kuusogeza uzi ule mpaka kutoka alama hii hadi ile zikapatikana futi 5 kamili. Hapo kona imenyooka, alisema, huna haja ya kubishana nayo. Mwanangu wa kidato cha pili alisimama akitazama, akasema hiyo ni hesabu ya shuleni. Fundi akamjibu kwamba shule waliichukua kwa mafundi.

Tofali zikaja kwa guta. "Leta mia kwanza," alisema fundi, "zikipungua utaongeza." Nyingi za mia ya kwanza zikazama msingini, nyingine zikaanza kupanda juu, nikaleta mia ya pili na kulipa nauli ya guta mara ya pili. Baada ya siku kadhaa kuta tatu zilikuwa zimetoka ardhini kozi tatu, mbuzi wamehamisha mikutano yao, na mimi kila nikifunga duka naenda kusimama katikati ya chumba kisicho na paa nikivuta hewa ya tajiri.

Siku ya nne seremala akaleta shelfu kwa mkokoteni, na vijana wawili wa kulibeba. Chumba kilikuwa bado, lakini nilikuwa na wateja watano kaunta na nilitaka waone. Nikawaambia vijana walilaze shelfu pale litakapokaa, kwenye ukuta wa mbali, nipate picha. Wakalinyanyua, wakalipitisha juu ya kozi tatu, wakalishusha.

Halikushuka. Ncha moja ilikaa juu ya ukuta wa kushoto, ncha nyingine juu ya ukuta wa kulia, na katikati pakawa wazi kama daraja. Kuku wa mama mmoja akapita chini yake bila kuinama.

Nikamwita fundi kwa sauti ambayo huwa naiweka kwa wadeni wa miezi mitatu. Nikamwambia amenipunja. Yeye hakusema neno. Akatoa futi kamba mfukoni, akampa saidia fundi ncha moja ashike ukingo wa nje wa ukuta wa kushoto, akaenda nayo mpaka ukingo wa nje wa ukuta wa kulia, akaniita nisome mwenyewe. Futi 12. Hata nusu inchi haikuzidi.

"Na ndani?" nikauliza.

"Ndani hukusema."

Akapima ndani: futi 11. Upande wa pili, kutoka ukuta wa duka kwenda nje, nilitaka 10, na kumi zilikuwepo ukihesabu na ukuta wenyewe; ndani zilibaki 9 na nusu. Tofali zetu ni za inchi 6. Kuta mbili ni futi nzima. Seremala alikuwa amefanya nilichosema, fundi amefanya nilichosema, na wote wawili walikuwa wananitazama kwa huruma ile wanayopewa watu walionunua saa barabarani.

Kicheko kilitoka barazani. Mama watoto ni mshonaji. Cherehani yake iko pale mlangoni, na tangu shelfu lishuke mkokotenini mguu wake ulikuwa haukanyagi tena.

"Baba watoto," alisema, "umekata nguo bila kuacha mshono."

Nikamwambia hapa tunazungumza ujenzi. Akasema ndiyo, na yeye pia. Mteja akija na kifua cha inchi 40, ukikata kitambaa inchi 40 utamshonea nguo ya kumtazama kwa mbali, kwa sababu mshono wa kushoto unakula na wa kulia unakula, na mwili wa mtu uko ndani, hauko nje ya nguo. Ukuta nao ni mshono. Akaongeza, akiwa bado anacheka, kwamba nguo yangu ina bitana pia: plasta. Fundi akaitikia kwa kichwa. Plasta ya ndani ni kama nusu inchi kila uso wa ukuta, akasema, kwa hiyo shemeji yuko sahihi, zile 11 zitabaki 11 kasoro inchi moja.

Shelfu likarudi kwa seremala kukatwa inchi 8, na malipo ya kukata nilitoa mimi. Kwenye daftari nilijiandika jina langu mwenyewe katika safu ya wadeni.

Usiku ule, duka limefungwa na watoto wamelala, mama watoto alitandika juu ya meza yake karatasi ya kaki, ile anayokatia vielelezo vya nguo. Akaleta futi ya kushonea, chaki, mkasi na uzi. "Inchi moja ya karatasi iwe futi moja ya chini," akasema. Ndiyo siri yote, wala sijui kwa nini nilikuwa nadhani michoro ya nyumba ni mambo ya wenye suti. Futi ya kushonea ina inchi 60. Chumba changu kilitaka 11 tu kwa upana na 9 na nusu kwa kina. Nusu futi ni nusu inchi. Akachora umbo la ndani peke yake, pale mwili unapokaa, na kuta akazichora nje ya mstari kwa unene wa nusu inchi ili tusizisahau tena.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe yeye alikuwa anaanza. Alinituma dukani na tochi kupima kila kitu kitakachoingia stoo, na akanikataza kukadiria. Friza: urefu futi 5, upana inchi 28. Gunia la kilo 50 likilala: karibu futi 3 kwa 2. Shelfu: kina futi moja na nusu. Kila nilichokisoma alikikata kwa karatasi kwa kipimo kilekile, akakiandika jina. Friza likawa kipande cha inchi 5 kwa mbili na theluthi. Tukawa na duka zima la karatasi juu ya meza, na kwa mara ya kwanza nikalitazama duka langu kutoka juu, kama kunguru.

"Simama sasa," akasema.

"Mimi?"

"Si na wewe utaingia stoo? Au magunia yatajibeba?"

Akanipima mabega, akanizungushia futi tumboni, akaguna mguno ambao wateja wake wanaujua. Akasema mtu mwenye gunia begani anataka futi mbili na nusu za kupita, na mimi nisijidanganye. Akanikata duara la inchi mbili na nusu. Nikamwomba anipunguze kidogo. Akasema karatasi haina haya. Duara lile hakuliandika jina langu, aliandika "Mzigo".

Ndipo mchezo ukaanza. Mlango wa kutoka dukani nilikuwa nimeuweka akilini katikati ya ukuta wa zamani, kwa sababu katikati ni pazuri kwa macho. Mama watoto akafunga uzi kwenye kipande cha chaki, akashika ncha ya uzi pale bawaba itakapokuwa, akazungusha robo duara: hiyo ndiyo sehemu ambayo mlango unaifagia ukifunguka, na humo hakuna kitu kinachoweza kukaa. Tukaweka friza huku, robo duara ikaligonga. Tukalihamisha kule, "Mzigo" akakosa njia. Magunia nayo, mawili yakilala kwa urefu kando ya ukuta, yanataka futi 6 mfululizo, lakini mlango ukikaa katikati unaukata ukuta wa futi 11 vipande viwili vya futi 4 na kidogo kila kimoja. Nilikuwa na ukuta mrefu usiotosha kitu chochote. Mlango mmoja katikati, na ukuta mzima umekwisha. Hili nisingeliamini kama nisingesogeza magunia ya karatasi kwa kidole changu mwenyewe mpaka saa tano usiku.

Tukausukuma mlango hadi kona ya kulia, bawaba upande wa kona, ili ukifunguka ulale kwenye ukuta wa kando na kuacha njia. Papo hapo ukuta uliobaki ukawa zaidi ya futi 7, magunia yakalala. Shelfu likaenda ukuta wa mbali, friza ukuta wa kushoto, likiwa limeachiwa nafasi ya kiganja nyuma yake ipite hewa, maana friza lisilopumua linachemka mgongo na kula umeme. Ncha ya shelfu iliyojificha nyuma ya friza tukaipa daftari za shule, ambazo watu wanazikumbuka Januari. Katikati pakabaki uwanja ambao "Mzigo" alizunguka bila kugusa mtu. Nilimzungusha mara tatu, kwa furaha.

Nikawa nakunja karatasi. Mama watoto akashika kipande cha friza, akakipitisha kwenye mlango wa chaki, akasimama nacho pale kizingitini.

"Mlango uliagiza futi ngapi?"

"Mbili na nusu. Inchi 30."

"Nje au ndani?"

Sikujibu. Nilichukua tochi na kwenda kupima fremu ya mlango wa chumbani kwetu. Mbao za fremu ni nene inchi 2 kila upande. Fremu ya inchi 30 inaacha uwazi wa 26. Friza lina 28. Na friza la kulala huwezi kulidanganya kwa kuligeuza, kwa sababu ubavu wake mwingine, ule wa kwenda juu, ni mkubwa zaidi. Ningejenga chumba kwa ajili ya friza, na friza lingebaki dukani likikitazama kwa mlangoni. Alfajiri nilikuwa kwa seremala kabla hajafungua, nikamkuta hajaigusa mbao ya fremu. Tukaagiza uwazi wa inchi 32, ili hata mlango ukiwa umesimama wazi na vidole vya wabebaji vikiwepo pawe na nafasi. Kwa hiyo fremu kwa nje inchi 36, na fundi avunje tundu lenye inchi moja ya ziada ya kuitia pima maji na kuijazia. Seremala aliniuliza mara mbili, "Thelathini na mbili ndani?" Nikamjibu kwa kujiamini kama mtu aliyezaliwa ndani.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo kilipoingia kiburi.

Nilimpelekea fundi ile karatasi ya kaki kama hati ya kiwanja. Aliitandaza juu ya rundo la tofali, akaizungusha, akaitazama kwa muda. Mlango wa kona aliukubali kwa sharti moja: usibanane kabisa na kona, aachiwe walau inchi 9 za ukuta, kwa sababu juu ya tundu patakaa lenta, na lenta inataka pa kukalia pande zote mbili, la sivyo tofali za juu zitashuka kutazama kuna nini. Nikasogeza mlango wa karatasi, nikachora upya. Kisha akaanza: "Sasa Mangi, kuhusu paa, bati letu litakuwa lina..."

"Hamna shida, fundi. Kila kitu kiko hapa."

Nikapiga hesabu ya tofali mbele yake, kwa sauti. Kuta tatu ni futi 31. Tofali moja ni futi moja na nusu, kwa hiyo kila kozi inakula 21. Kimo cha tofali ni inchi 9, kwa hiyo ukuta wa futi 9 ni kozi 12. Tatu tayari zimepanda, zimebaki 9: tofali 189. Toa 8 za dirisha la futi 3 kwa 3. Toa 74 ambazo bado ziko pale chini ya turubai. Nahitaji 107, nikaagiza 110, tatu za kuvunjika, na guta likaja mara moja badala ya kutambaa mara tatu. Wateja walinisikia. Mmoja aliyekuwa anadaiwa tangu mwezi wa Ramadhani alinipongeza, nadhani kwa hila.

Fundi akajaribu tena keshokutwa yake, akiwa juu ya jukwaa: "Mangi, hii karatasi yako nzuri, lakini haioneshi..."

"Fundi, fuata karatasi."

Akanitazama, akatazama anga, akasema neno lake la kawaida, na akaendelea.

Chumba kikapauliwa kabla masika hayajakolea. Bati la chumba kipya lilianzia chini ya ukingo wa bati la nyumba, ili maji ya paa kubwa yaangukie juu ya paa dogo na si katikati yao. Friza lilipita mlangoni na kuacha upenyo wa vidole kila upande. Vijana wakalisukuma hadi ukuta wa kushoto, na lilikaa palepale lilipokaa kwenye meza ya cherehani. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuipata hata nikifunga hesabu ya sikukuu. Magunia yakalala juu ya mbao, mbali na unyevu wa sakafu, yakatosha. Nikapita katikati na gunia begani, nikageuka mzima mzima kama gari.

Seremala akaleta shelfu lake, safari hii likiwa vipande vya kuunganishia humohumo. Akasimamisha nguzo ya kwanza kwenye ukuta wa mbali.

Ngo! Nguzo iligonga bati.

Akaishusha, akaisimamisha tena taratibu, kana kwamba mara ya kwanza aliikosea adabu. Ngo. Nguzo ya futi 8 ilikuwa imeinama kama mzee anayeingia kibandani. Nikamtazama fundi. Fundi alikuwa anatazama kucha zake.

Paa la kuegemea lazima lishuke, maji hayapandi. Upande wa ukuta wa nyumba tulikuwa na futi 9, na hapo ndipo mwisho, kwa sababu juu yake kuna ukingo wa paa la zamani. Kutoka hapo fundi aliteremsha bati inchi 18 kwa zile futi 10, na akasema hata hizo alizipima kwa ubahili, kwani bati lililolala mno hurudisha maji kwenye maungio na matundu ya misumari. Futi 9 ukitoa inchi 18 ni 7 na nusu. Nusu futi tena! Ile kaki yetu ilikuwa imetazama chumba kutoka juu, na kutoka juu paa linaloshuka na paa lililolala ni karatasi ileile.

"Nilitaka kukwambia," alisema fundi. "Mara mbili."

Nikamgeukia mama watoto, nikitafuta wa kugawana naye lawama. Alikuwa kwenye mlango wa kona, futi ya kushonea shingoni.

"Mimi ulinipa kifua na kiuno," akasema. "Urefu wa gauni hukusema."

Usiku ule tulichora karatasi ya pili, na ilituchukua muda wa kikombe cha chai. Ni chumba kikitazamwa kwa ubavu, kana kwamba umekikata kwa kisu kama mkate: ukuta wa duka inchi 9, ukuta wa mbali inchi 7 na nusu, mstari wa bati ukiteremka kati yao, na kila kitu kirefu kikiwa kimesimama mahali pake. Kifuniko cha friza tulikichora kikiwa wazi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha panga kupigilia ubao wa kuwekea mizani juu yake, na kingefunguka nusu. Ubao haukupigiliwa. Angalau hilo nililiwahi.

Jirani mmoja ambaye sasa anataka kuongeza chumba amekuja kuazima kaki zangu zote mbili. Nimempa, lakini nimemwambia ni za kupangia vitu na kuzungumza na fundi tu. Akienda kuomba kibali cha ujenzi halmashauri atatakiwa mchoro wa mtu aliyesomea. Nikamwambia pia asitumie "Mzigo" wangu, apimwe wake. Yeye ni mwembamba.

Seremala alitoa ghorofa ya juu ya shelfu, zikabaki tano, na likasimama bila kugonga kitu. Ule ubao uliotoka una futi 10 na inchi 10. Na kwa kuwa ukuta wa mbali uliishia kozi 10 badala ya 12, na kuta za kando zikateremka nao, kwenye hesabu yangu ya kujisifu zikabaki tofali 33. Fundi alizipanga nje chini ya dirisha la duka, akalaza ubao juu yake, akaupiga msasa. Ndilo benchi la wateja. Jioni fundi hukaa pale na soda ya mkopo, na kila mtu akiuliza benchi lina urefu gani, yeye hujibu, "Nje au ndani?"